Nipande treni ipi niwahi usaili?

Swali: Nina usaili Morogoro mjini saa nne na nusu asubuhi, nami natokea Dar es Salaam. Rafiki amenitumia picha ya ratiba ya treni ya SGR: 06:00 kufika 07:50, 07:30 kufika 09:25, na 08:20 kufika 09:55. Nipande ipi?

Jibu: Anza na saa ya usaili, urudi nyuma. Ratiba hutumia saa 24, kwa hiyo saa nne na nusu yako ni 10:30. Stesheni ya Morogoro iko Kihonda, nje ya mji. Tenga dakika 40 za kushuka, kupata bajaji na kuitafuta ofisi, kisha 20 za akiba. Treni yako basi ifike kabla ya 09:30.

Sasa soma safu ya kufika, si ya kuondoka. Ya 08:20 inavutia kwa kuwa ni ya haraka, lakini inakuachia dakika 35 tu, iache. Ya 07:30 inatosha, ila ikichelewa kidogo inakula akiba yako. Kata tiketi ya 06:00, na ya 07:30 iwe ya pili endapo viti vimejaa.

Kabla ya kulipa, tazama kichwa cha picha: tarehe ratiba ilipoanza kutumika, siku zinazohusika, na kama ni safari ya kwenda au ya kurudi. Kama kichwa kimekatwa, mwombe rafiki yako picha nzima.