Ngulube si ngombe: kusoma karatasi ya chupa ya ivermektini

Mama mmoja wa Katuba alitutumia foto ya chupa ya ivermektini ya 1%. Ngulube wake ana upele, anajikuna ku ukuta siku nzima. Alikuwa amempiga shindano, lakini upele haukuisha.

Tulikuza foto ku telefone. "Poids vif" njo uzito wa mnyama akiwa hai. Kwa ngombe wameandika ml 1 kwa kilo 50. Kwa ngulube ml 1 kwa kilo 33. Mama alifuata mstari wa ngombe, sababu njo unatangulia.

Kama hauna kilo (mizani), tumia metre ya fundi wa nguo. Zungusha kifua nyuma ya miguu ya mbele: kwa huyu ni metre 0,90. Pima mgongo toka kati ya masikio mpaka shina la mkia: metre 1. Zidisha 0,90 × 0,90 × 1 × 69,3, unapata kilo 56. Gawanya kwa 33: ml 1,7. Yeye alipiga 1,1 tu.

Chini kabisa iko "temps d'attente": siku 28 kwa nyama. Unahesabu toka shindano la mwisho, si la kwanza. Akirudia tarehe 1 mwezi wa 12, Noeli haijafika siku zake. Achinje toka tarehe 29. Kuchemsha nyama sana si njia ya kuondoa dawa. Na chupa ingine inaweza kuandika siku zingine, kwa hiyo piga foto pande zote, hata herufi ndogo.