Moyo ukienda mbio bila ugonjwa: mshtuko wa hofu na jinsi unavyotibiwa

Mtu anafika hospitalini akishikilia kifua, jasho linamtoka, vidole vimekufa ganzi na anasema anakufa. Anapimwa presha, sukari na umeme wa moyo. Kila kipimo kinatoka sawa. Anaambiwa hana kitu, arudi nyumbani apumzike. Wiki mbili baadaye yuko pale pale tena, akiwa na hofu zaidi ya mara ya kwanza.

Jibu la "huna kitu" ni nusu ya jibu. Limemweleza mgonjwa kile asichokuwa nacho, lakini halijamweleza ni nini hasa kilichompata ndani ya matatu ile au sokoni pale. Ikiwa mashambulizi haya yanajirudia ghafla, na mtu anaishi akiogopa lijalo, huenda ana maradhi ya mshtuko wa hofu. Maradhi haya yana maelezo na yana tiba.

Maelezo yanayotumiwa sana na wataalamu yaliandikwa mwaka wa 1986 na mwanasaikolojia wa Uingereza, David Clark. Alisema kinachogeuza wasiwasi wa kawaida kuwa shambulio ni tafsiri. Mtu anahisi jambo dogo mwilini, tuseme moyo kupiga kwa nguvu, na papo hapo analisoma kama dalili ya balaa: moyo unasimama, nitaanguka, nitapata wazimu. Tafsiri hiyo inamwogopesha. Hofu nayo inaufanya mwili umwage homoni ya adrenalini, moyo uende mbio zaidi na pumzi ziwe za haraka. Sasa dalili zimeongezeka, naye anaona ni ushahidi kwamba alikuwa sahihi. Hofu inapanda tena. Kwa kawaida mzunguko huu hufika kileleni ndani ya dakika 10, kisha hushuka wenyewe.

Chukua mfano wa mama wa miaka 34 anayeuza mitumba. Siku ya kwanza alikuwa hajala, amekunywa chai mbili za rangi kali, na matatu ilikuwa imejaa na yenye joto. Moyo ulipiga kwa nguvu. Jirani yake alikuwa amefariki ghafla mwezi uliotangulia, kwa hiyo wazo lililomjia lilikuwa moja tu: "Moyo wangu unasimama." Alimwomba kondakta asimamishe gari, akashuka, akakaa chini na kunywa maji. Hakufa. Lakini hakuhitimisha kwamba moyo wake ni mzima. Alihitimisha kwamba alishuka kwa wakati.

Hapo ndipo maradhi yanapojificha. Tangu siku hiyo mama huyo hukaa karibu na mlango, hubeba chupa ya maji na hujishika mkono kila mara kuhesabu mapigo. Anadhani mambo hayo ndiyo yanayomwokoa, kwa hiyo hapati kamwe nafasi ya kuona kwamba angekuwa salama bila hayo. Isitoshe, anayesikiliza moyo wake mchana kutwa atasikia mapigo ambayo jirani yake hayatambui. (Wanaotafuna miraa au kunywa kahawa nyingi wazingatie hili pia, kwa kuwa vyote viwili huharakisha moyo.)

Pumzi zinavyomdanganya mtu

Mtu mwenye hofu hupumua haraka kwa kifua, na mara nyingi hajui kwamba anafanya hivyo. Anahisi hewa haitoshi, ilhali oksijeni anayo ya kutosha. Kilichopungua ni hewa ya kabonidioksidi, ambayo anaitoa kupita kiasi. Ikipungua kwenye damu, mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo hujibana kidogo. Matokeo yake ni kizunguzungu, ganzi ya vidole na midomo, na kuona mambo kama ndoto. Misuli ya kifua iliyochoka kwa kupumua hivyo huanza kukaza na kuuma. Dalili hizi hutisha, lakini hutulia pumzi zikirudi polepole.

Mshauri wa afya ya akili hamwambii mgonjwa haya kwa maneno tu. Kwanza anamwuliza anaamini kiasi gani, kati ya 0 na 100, kwamba moyo wake utasimama. Mama wa mitumba anasema 90. Kisha anaombwa apumue haraka na kwa nguvu kwa dakika moja au mbili akiwa ameketi. Kizunguzungu kinakuja, vidole vinawasha, kifua kinabana. Mshauri anauliza: "Hii inafanana na ile ya kwenye matatu?" Anajibu kuwa ni ile ile. Anapumua polepole, zinaondoka. Akiulizwa tena anaamini kiasi gani, anasema 50. Dalili ni zile zile, ila sasa zina chanzo kingine anachokijua, na amekitengeneza mwenyewe akiwa kwenye kiti.

Wanaoogopa kuzimia hupewa jambo jingine la kufikiria. Kwa kawaida mtu huzimia presha ya damu inaposhuka. Wakati wa shambulio la hofu, presha hupanda. Wapo wachache wanaozimia wakiona damu au sindano, lakini mwili wao hufanya kinyume: presha hushuka.

Jaribio la kupumua haraka lisifanywe nyumbani. Halimfai mjamzito, wala mwenye pumu, kifafa au ugonjwa wa moyo.

Mazoezi ya pumzi ndiyo yanayofaa nyumbani. Keti, weka mkono mmoja tumboni, funga mdomo. Vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi 3 polepole, tumbo liinuke, kisha itoe kwa pua ukihesabu hadi 3. Hizo ni pumzi karibu 10 kwa dakika. Usivute hewa nyingi. Kosa la kawaida ni kuvuta pumzi ndefu na nzito, jambo linalozidisha kizunguzungu. Fanya hivyo dakika 10, mara mbili kwa siku, ukiwa umetulia, kwa sababu anayeanza kujifunza katikati ya shambulio hushindwa. Ule ushauri wa kupumulia ndani ya mfuko uachwe, maana ni hatari kwa mwenye pumu au maradhi ya moyo.

Wataalamu hutoa tahadhari moja kuhusu mazoezi haya. Mtu akianza kuamini kwamba asipopumua hivyo atakufa, pumzi zimekuwa chupa nyingine ya maji. Ndiyo maana hatua ya mwisho kwa mama wa mitumba ni kupanda matatu, kukaa kiti cha nyuma bila maji, kuuacha moyo upige unavyotaka na kutazama kitakachotokea. Mara ya kwanza alitetemeka hadi stendi. Mara ya nne alisahau kujishika mkono. Kwa kawaida tiba ya namna hii huchukua vikao vichache hadi kumi na kitu, na wengine huongezewa dawa na daktari.

Haya yote huanza baada ya vipimo. Upungufu wa damu, tezi ya shingo na matatizo ya mdundo wa moyo huweza kuleta dalili zinazofanana. Maumivu ya kifua yanayokuja mtu anapopanda mlima au kubeba mzigo na kutulia anapopumzika, yanayosambaa hadi mkononi au kwenye taya, au yanayozidi dakika 15, yasisubiri mazoezi ya pumzi. Aliyezimia kabisa pia apelekwe hospitalini mara moja, hata kama amewahi kuambiwa kuwa ni hofu tu.