Bei ya hisa inadai faida gani?

*Hisa ninayoitaka inauzwa shilingi 500. Gawio la mwisho lilikuwa 30, nalo hukua asilimia 5 kwa mwaka. Mimi nimepata gharama ya mtaji asilimia 11, mwenzangu 11.3. Nani yuko sahihi? – Msomaji, Morogoro*

Mwenzako. Wewe umetumia gawio lililokwisha kulipwa, ilhali kanuni inataka lijalo: 30 × 1.05, yaani 31.5. Ligawe kwa 500 upate asilimia 6.3, kisha ongeza ukuaji wa 5 upate 11.3. Hiyo ndiyo faida ya mwaka wanayoidai wanaonunua kwa bei hiyo.

Ninachokihofia zaidi ni ile 5. Ukiweka 7, jibu linaruka hadi 13.4. Pitia magawio ya miaka kadhaa kwenye ripoti za kampuni; yakiwa yanayumba, kanuni hii haifai, muone dalali wa hisa.