Somo la Wiki: Kumsomea Mama Tangazo la Kazi

 

Katika nyumba zetu nyingi hapa Uingereza, mtoto ndiye msomaji wa barua na karatasi za Kiingereza. Mama au baba akitafuta kazi, humwita mtoto na kumwambia, "Hebu nisomee hapa, wanataka nini?" Neno moja likigeuzwa vibaya, mzazi anaweza kuiacha kazi anayoiweza, au kutia sahihi jambo asilolijua. Wiki hii tutajifunza maneno manne. Tuchukue tangazo hili la mfano, ambalo tumekwisha kuligeuza kwa Kiswahili:

"Anatakiwa mhudumu katika nyumba ya kutunza wazee. Awe anamudu Kiingereza cha kusema na kuandika. Mkataba ni wa kudumu, siku 5 kwa wiki. Miezi 3 ya kwanza ni ya majaribio. Atashika zamu ya kuitwa usiku mmoja kila wiki."

Kumudu

Neno la kwanza ni lile tunalotamka "profishenti". Wanafunzi wengi huligeuza kuwa "bingwa" au "fasaha". Mama akisikia kwamba anatakiwa bingwa wa Kiingereza, atasema, "Basi hiyo si yangu," na karatasi itawekwa kando.

Neno hilo halidai ubingwa. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kuifanya kazi yake kwa lugha hiyo bila kushikwa mkono. Kwa Kiswahili tunasema "anamudu" au "anaimudu vizuri". Kipimo chake ni kazi yenyewe. Mhudumu wa wazee husoma maelekezo ya kumtunza kila mzee, huandika kwenye daftari la siku mzee amekula nini na amelalaje, na akianguka mtu, hupiga simu na kueleza kilichotokea. Kwa hiyo usimwulize mama kama anajua Kiingereza sana. Mwulize, "Mama, unaweza kuandika mistari mitano kuhusu mgonjwa, mwenzako akaisoma na kuelewa?" Akiweza, anamudu.

Muda wa majaribio

Neno la pili ni "probesheni". Hapa pana mtego, kwa sababu Kiingereza hutumia neno hilo hilo mahakamani. Kwa wazazi waliotoka Kenya, kusikia kwamba fulani yuko probesheni ni kusikia habari ya kesi na kifungo cha nje. Kazini maana yake ni nyingine: ni muda ambao mwajiri na mfanyakazi hupimana. Tunasema "muda wa majaribio". Maofisini Tanzania utasikia pia "kipindi cha matazamio".

Je, mtu aliye katika majaribio hana haki? Anazo. Anapata mshahara wake, na likizo yake huanza kuhesabika tangu siku ya kwanza. Kwa sheria ya hapa, anayefanya kazi siku 5 kwa wiki hupata likizo yenye malipo isiyopungua siku 28 kwa mwaka, na siku za sikukuu za taifa zinaweza kuhesabiwa humo. Miezi 3 ni robo ya mwaka, basi mama atakuwa amekwisha kujipatia siku 7. Tena, akishatimiza mwezi 1 kazini, mwajiri anayetaka kumwachisha lazima ampe notisi isiyopungua wiki 1, isipokuwa awe ametenda kosa kubwa.

Tangu Aprili 2020, katika Uingereza, Uskoti na Welisi, mwajiri hutakiwa kumpa mfanyakazi maandishi ya masharti ya kazi kabla ya kuanza au siku ile anapoanza. Kama kuna majaribio, urefu wake na masharti yake yaandikwe humo. Tazameni hasa kama yanaweza kurefushwa. Usipoangalia, unaweza kuidhani miezi 3 kumbe karatasi inaruhusu 6.

Mkataba wa kudumu

Neno la tatu, "pamanenti", tunaligeuza "wa kudumu", na tafsiri hiyo ni sahihi. Lakini mzazi huisikia kwa sikio la nyumbani. Tanzania na Kenya, ajira ya kudumu huwakumbusha watu kazi ya serikali yenye pensheni, ambayo mtu huingia akiwa kijana na kutoka akiwa mzee.

Hapa "wa kudumu" maana yake ni moja tu: mkataba haukuandikwa tarehe ya kuisha. Kinyume chake ni "mkataba wa muda maalumu", ambao hutaja siku ya mwisho. Mkataba wa kudumu unaweza kukoma kwa notisi, na kazi yenyewe inaweza kupunguzwa. Wala hauondoi majaribio. Katika tangazo letu mama ataingia kwenye mkataba wa kudumu siku ya kwanza, na miezi 3 ya majaribio imo ndani ya mkataba huo. Basi usimwambie, "Mama, hawawezi kukufukuza." Mwambie, "Mama, mkataba huu hauna tarehe ya mwisho. Tuangalie notisi ni muda gani."

Zamu ya kuitwa

Neno la mwisho ndilo linalogusa mfuko zaidi. Wengine huligeuza kuwa "zamu ya usiku", nalo ni kosa. Anayeshika zamu ya usiku hufanya kazi usiku kucha. Anayeshika zamu ya kuitwa husubiri, na hufanya kazi akihitajika. Madaktari wa Tanzania wanaijua vizuri, kwa kuwa hudai "posho ya kuitwa kazini".

Swali la kwanza la kuuliza ni: anasubiri wapi? Akisubiri nyumbani kwake, kwa kawaida saa za kusubiri hazihesabiwi katika mshahara wa kima cha chini, ila zile alizoitwa akafanya kazi. Akilala kazini, mara nyingi hupewa kiasi kimoja kwa usiku mzima. Machi 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba mhudumu aliyeruhusiwa kulala kazini hulipwa kima cha chini kwa saa alizokuwa macho kwa ajili ya kazi tu, hata kama yuko pale usiku kucha.

Tuseme mama analala kazini kuanzia saa 4 usiku hadi saa 1 asubuhi. Hizo ni saa 9. Mzee mmoja anamwamsha saa 8 usiku, naye anamhudumia mpaka saa 10. Saa 2 hizo ndizo za kuhesabiwa, basi aziandike kwenye daftari usiku uleule. Na kabla ya kutia sahihi aulize: "Usiku mmoja mnalipa kiasi gani? Nikiamshwa, mnaongeza?"

Wanafunzi, kumbukeni saa zetu. Tangazo likiandika 22:00, mwambie mama "saa 4 usiku", usimwambie "saa 10", maana saa 10 usiku kwake ni karibu na alfajiri.

Zoezi la nyumbani

Pamoja na mzazi, tafuteni tangazo moja la kazi la kweli. Mwanafunzi alisome kwa Kiswahili, na mzazi aulize maswali haya manne. Majibu yaandikwe, nasi tutayasoma darasani Jumamosi.

1. Kazi hii inataka niandike au niseme nini kwa Kiingereza?
2. Majaribio ni miezi mingapi, na yanaweza kurefushwa?
3. Mkataba una tarehe ya mwisho? Notisi ni muda gani?
4. Kama kuna zamu ya kuitwa, nitasubiri wapi, na nitalipwaje?