Kasi ya kujifunza: kuipandisha taratibu, kuishusha kwa kosini

Kasi ya kujifunza ni nini?

Ni namba inayoamua vigezo vya modeli visogezwe kiasi gani katika kila hatua ya mafunzo. Modeli za transfoma huanza na kasi karibu na sifuri, hupanda hadi kilele, kisha hushuka. Katika modeli ya GPT-3 ya mwaka 2020, kasi ilipandishwa kwa tokeni milioni 375 za mwanzo, ikashushwa kwa mkunjo wa kosini hadi asilimia 10 ya kilele kwa tokeni bilioni 260, kisha ikabaki hapo hadi mwisho.

Kwa nini isianzie kileleni?

Sababu moja imo ndani ya Adam, njia ya kusahihisha vigezo inayotumika sana. Adam hugawanya gradienti kwa kipimo cha ukubwa wake wa siku za nyuma. Katika hatua ya kwanza hakuna siku za nyuma, kwa hiyo gradienti hugawanywa kwa ukubwa wake yenyewe: karibu kila kigezo husogea kwa kasi nzima, hata kile ambacho gradienti yake ni ndogo mno. Kasi ikiwa kubwa wakati huo, modeli huvurugika kabla haijajua lolote. Dalili yake ni kiwango cha makosa kushuka kidogo, kisha kuruka juu na kuganda huko.

Transfoma zinazosawazisha ishara kabla ya kila tabaka, si baada yake, huvumilia zaidi. Hata hivyo kupandisha taratibu ni gharama ndogo, na kuacha kufanya hivyo ni ubahili usio na faida.

Kosini hushushaje?

```
lr = lr_min + 0.5*(lr_max - lr_min)*(1 + cos(pi*p))
```

Hapa `p` ni sehemu ya mteremko iliyokwisha kupitwa, kuanzia 0 hadi 1. Tuseme kilele ni 0.0003 na mwisho ni 0.00003. Robo ya mteremko ikipita, kasi ni takriban 0.00026, nusu, 0.000165, robo tatu, 0.00007. Inashuka polepole mwanzoni, kwa haraka katikati, na polepole tena mwishoni, ambako hatua fupi huiwezesha modeli kutulia.

Kosa la kawaida ni lipi?

Kupanga mteremko wa hatua 20,000 kisha kusimama kwenye 10,000. Katika mfano huu kasi ingali 0.000165, na modeli haijapata ule utulivu wa mwisho. Ukiilinganisha na iliyopangiwa hatua 10,000 tangu awali, itaonekana dhaifu, ingawa zimesoma data ileile. Watafiti wa DeepMind walionyesha mwaka 2022, katika kazi yao ya Chinchilla, kwamba mteremko unaozidi urefu wa mafunzo kwa zaidi ya asilimia 25 hupunguza ubora waziwazi.

Na asiyejua atasimama wapi?

Kosini haimfai. Ni afadhali apandishe, ashikilie kasi moja muda wote, kisha aishushe katika sehemu fupi ya mwisho, pale anapoamua kumaliza.