Waya wa Umeme Unavyotofautisha cosh na cos

Umeme wa maporomoko ya Rusumo, Ngara, husafiri kwa njia ya kilovolti 220 hadi Nyakanazi, Biharamulo. Tazama waya kati ya minara miwili: umebonyea katikati. Mkunjo huo si duara wala parabola, bali ni

y = a cosh(x/a), ambapo cosh x = (eˣ + e⁻ˣ)/2 na sinh x = (eˣ − e⁻ˣ)/2.

Herufi x ni umbali kutoka sehemu ya chini kabisa ya waya. Herufi a ni mvuto wa mlalo ukigawanywa kwa uzito wa mita moja ya waya.

Mwanafunzi wa kidato cha sita anayezijua cos na sin ataona mambo yanayofanana, ila alama hubadilika. Mteremko wa cos x ni −sin x, lakini wa cosh x ni sinh x, bila kutoa. Na badala ya cos²x + sin²x = 1, hapa tuna cosh²x − sinh²x = 1.

Tofauti hiyo ndiyo inayorahisisha kupata urefu wa waya. Mteremko wake ni sinh(x/a), na urefu ni intigrali ya √(1 + sinh²(x/a)). Kwa kanuni ya juu, kilicho ndani ya kipeuo ni cosh²(x/a), hivyo kipeuo kinatoweka. Intigrali ya cosh(x/a) ni a sinh(x/a).

Tuchukue mfano: minara imeachana kwa mita 400, vichwa vyake viko usawa mmoja, na a ni mita 1,000. Kutoka katikati hadi mnara, x = 200, yaani x/a = 0.2. Kikokotoo kinatoa cosh 0.2 = 1.02007 na sinh 0.2 = 0.20134. Ukiondoa 1 kwenye cosh, waya umebonyea 1,000 × 0.02007, karibu mita 20.1. Urefu wake ni 2 × 1,000 × 0.20134, karibu mita 402.7. Umezidi nafasi ya minara kwa chini ya mita tatu tu.

Kwenye vilima, mnara mmoja huwa juu ya mwingine. Hapo sehemu ya chini kabisa haiko katikati, kwa hiyo kila upande hupigiwa hesabu yake, usizidishe kwa mbili.

Kuna njia fupi ya kukumbuka kanuni: chukua ya cos na sin, kisha geuza alama kila penye sin mbili zilizozidishana. cos 2x = cos²x − sin²x inakuwa cosh 2x = cosh²x + sinh²x. Njia hii haifai kwa miteremko wala intigrali. Hizo zitafute kutoka eˣ.

Ukisahau kitufe cha hyp, kikokotoo kitakupa cos. Kagua jibu: cosh ya namba halisi haishuki chini ya 1. Ukipata 0.98, umekosea kitufe.