SOMO LA AFYA: KUMWANDIKIA DAKTARI BAADA YA KUBADILISHIWA DAWA YA KOLESTEROLI

Wagonjwa wengi wa shinikizo la damu na waliowahi kupata kiharusi hutumia pia dawa ya kupunguza kolesteroli, yaani mafuta kwenye damu. Dawa hizi huitwa statini na ziko za aina kadhaa. Aina moja inapokosekana dukani au bei yake inapopanda, daktari humbadilishia mgonjwa aina nyingine. Mwili ukianza kuuma baada ya hapo, wengi huacha dawa kimyakimya, na kinga dhidi ya kiharusi cha pili hupungua bila daktari kujua. Katika somo hili tunaangalia jinsi barua fupi inavyoweza kusaidia.

Tuchukue mfano wa mzee wa miaka 61 ambaye alipata kiharusi miaka miwili iliyopita. Barua yake ni hii:

"Kwako Daktari,

YAH: MAUMIVU YA MISULI BAADA YA KUBADILISHIWA DAWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kwa miaka miwili nimetumia atovastatini miligramu 20 kila siku bila tatizo. Tarehe 3 Machi nilibadilishiwa nikapewa simvastatini miligramu 40, kidonge kimoja usiku. Tarehe 20 Machi nilianza kuumwa mapaja yote mawili. Sasa nikitaka kuinuka kwenye kiti ni lazima nishike meza. Sikuanguka wala sikufanya kazi nzito. Mkojo ni wa kawaida. Dawa zangu nyingine ni amlodipini miligramu 10 na aspirini miligramu 75. Sijaacha dawa yoyote.

Naomba kujua: Je, maumivu haya yanatokana na dawa mpya? Je, nipime damu? Je, naweza kurudi kwenye dawa ya zamani, au ipo nyingine inayonifaa?

Wako mtiifu."

Tuone barua hii inamwambia nini daktari. Kwanza, tarehe. Maumivu yalianza siku 17 baada ya dawa kubadilishwa, na yako pande zote mbili, kwenye misuli mikubwa ya mapaja. Maumivu ya statini mara nyingi huwa hivyo. Goti moja linalouma lingemfanya daktari afikirie sababu nyingine.

Pili, orodha ya dawa zote, na hapa ndipo penye jibu. Kwa nguvu ya kushusha kolesteroli, simvastatini miligramu 40 inakaribiana na atovastatini miligramu 20, hivyo badiliko lilionekana sawa. Lakini amlodipini, dawa ya shinikizo la damu, huongeza kiwango cha simvastatini kwenye damu, na hatari kwa misuli huongezeka. Mwaka 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani ilielekeza kwamba anayetumia amlodipini asizidishe miligramu 20 za simvastatini kwa siku. Mzee huyu anapewa mara mbili ya kiwango hicho. Kama asingetaja amlodipini, jambo hili lingeweza kupita bila kuonekana.

Daktari anaweza kuagiza kipimo cha damu cha kreatini kinasi, ambacho huonyesha kama misuli inaharibika. Anaweza kusimamisha dawa kwa wiki chache aone kama maumivu yanaisha, kisha kumrudisha kwenye atovastatini. Anaweza pia kumpa rosuvastatini kwa kiwango kidogo. Ikiwa kila statini inamsumbua, ipo ezetimibi, ambayo hufanya kazi kwa njia nyingine, ingawa peke yake hushusha kolesteroli kidogo kuliko statini.

Hata hivyo, si kila maumivu yanatokana na dawa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020 nchini Uingereza, watu 60 waliokuwa wameacha statini kwa sababu ya madhara walipewa kwa zamu statini, vidonge visivyo na dawa, na miezi mingine bila kidonge. Kwenye vidonge visivyo na dawa walisumbuka karibu sawa na kwenye statini. Maumivu yao yalikuwa ya kweli, lakini sehemu kubwa ilitokana na kule kumeza kidonge wakitarajia madhara. Ndiyo maana daktari huhitaji tarehe, na wakati mwingine humjaribishia mgonjwa dawa ileile tena.

ANGALIZO: Mkojo ukigeuka rangi ya chai ya rangi, au misuli ikilegea sana, usiandike barua. Acha kumeza statini na uende hospitali siku hiyohiyo.

Maswali ya kujadili:
1. Je, wagonjwa wetu wana orodha ya dawa zote wanazotumia, pamoja na miligramu zake?
2. Mgonjwa asiyeweza kuandika, nani atamwandikia tarehe na dalili zake?